UZI: Wapuliziaji wana vyeti, lakini kitabu cha upuliziaji hakiniingii akilini

Msimamizi_Arumeru

Wakuu habari za jioni. Nasimamia shamba la maharage mabichi, yale membamba ya kupeleka nje, upande wa Arumeru. Mnunuzi ameandika kwamba mkaguzi wake atakuja mwezi ujao, na anataka kuona mambo mawili: leseni au vyeti vya wapuliziaji, na kumbukumbu za upuliziaji za msimu mzima.

Vyeti tunavyo. Karibu vyote ni vya mafunzo ya siku moja yaliyotolewa na kampuni inayotuuzia dawa, vina muhuri na picha. Wawili wana karatasi za zamani zenye jina la TPRI, ile taasisi ya zamani ya utafiti wa viuatilifu. Bwana shamba wa kata ndiye anayetushauri dawa ya kutumia, na yeye ana diploma yake ya kilimo.

Swali la kwanza: je, kila mpuliziaji anatakiwa awe na leseni yake ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, au hivi vyeti vinatosha? Swali la pili: nanakili hapa ukurasa mmoja wa kitabu chetu, naomba mniambie kama mkaguzi ataukubali. Jina la dawa nimelificha, naiita A. Lebo yake inasema mililita 200 kwa ekari, kuvuna baada ya siku 7, watu wasiingie shambani kabla ya saa 24.

Tarehe 14. Bloku C, nusu ekari. Wadudu: thiripi. Dawa A, ml 20 kwa pampu ya lita 20. Pampu 3. Upepo: kawaida. Muda: asubuhi. Kuvuna: tarehe 21. Sahihi ya mpuliziaji ipo, sahihi ya msimamizi ipo.

Duka_la_Pembejeo_Mbozi

Mkuu umenifungua macho. Mimi nataka kufungua duka la dawa za kilimo huku Mbozi, hiyo leseni inagharimu kiasi gani na nianzie wapi?

Msimamizi_Arumeru

Ndugu, hiyo ni leseni ya kuuza. Mimi nauliza ya kupulizia.

Ugani_Kata

Mimi ni afisa ugani, nikusaidie hapo. Mwenye astashahada au diploma ya kilimo hahitaji leseni nyingine, ameshasoma viuatilifu chuoni. Kwa hiyo bwana shamba wenu akisaini kila ukurasa, wapuliziaji wanakuwa chini yake na mkaguzi hana la kusema. Hizo karatasi za TPRI pia ni halali, serikali ni ile ile.

Mzee_wa_Nozeli

Salaam wanauzi. Nimekagua mashamba na maghala miaka mingi kabla sijastaafu. Acha nianze na leseni, halafu tuje kwenye ukurasa, maana huo ukurasa ndio wenye maneno.

TPHPA ilianzishwa na Sheria ya Afya ya Mimea Na. 4 ya mwaka 2020, ikarithi kazi za TPRI pamoja na zile za kitengo cha afya ya mimea kilichokuwa wizarani. Anayefanya kupulizia au kufukiza kuwa biashara, yaani anakwenda kwa watu, anatia dawa na kulipwa, huyo ni wa kibali cha mamlaka. Mfanyakazi anayepulizia shamba la mwajiri wake ni habari nyingine. Kwake, mkaguzi wa mnunuzi anatafuta ushahidi kwamba mtu huyu, kwa jina lake, amefundishwa kazi hii: lini, mada zipi, na nani aliyefundisha na ana sifa gani. Cheti chenye muhuri na picha bila orodha ya mada kina uzito mdogo sana. Mafunzo ya kampuni ya dawa si haramu, lakini mengi niliyoyashuhudia yalikuwa nusu somo na nusu tangazo la bidhaa mpya. Angalia kama vyeti vyenu vinataja kupima pampu, kuchanganya, vifaa kinga, huduma ya kwanza na kujaza kitabu. Kama havitaji, tafuta mafunzo mengine kabla ya mwezi ujao, ofisi ya TPHPA ipo hapo hapo Arusha.

Karatasi za TPRI weka kwenye faili, lakini usizitegemee peke yake. Mtu aliyefundishwa zamani hivyo kuna dawa alizozoea ambazo leo hazimo tena kwenye orodha ya zilizosajiliwa.

Kijana wetu wa ugani, diploma inakufanya uweze kuelekeza. Kwenye kitabu kuna sehemu ya aliyeelekeza na sehemu ya aliyepulizia, na kila mmoja anathibitisha ujuzi wake mwenyewe. Wewe hukushika pampu, huwezi kumwazima mtu diploma yako.

Sasa ukurasa. Msimamizi, nipe kadi ya stoo ya tarehe 14. Dawa A zilitoka ngapi?

Msimamizi_Arumeru

Shikamoo mzee. Kadi inasema ml 100 zilitoka kwa ajili ya Bloku C. Hakuna kilichorudishwa.

Mzee_wa_Nozeli

Marahaba. Basi fanya hesabu hii mkaguzi ataifanya kabla hajakaa kwenye kiti. Pampu 3 mara ml 20 ni ml 60. Stoo imetoa 100, ambayo ndiyo halali ya nusu ekari kwa lebo ya 200 kwa ekari. Mililita 40 ziko wapi? Ama mpuliziaji aliongeza kwenye pampu kwa macho, ama aliziacha mahali, ama alikwenda nazo nyumbani, ama mtu alijaza kitabu siku ya pili kwa kukumbuka tu. Moja katika hayo manne.

Na mengine ya kuangalia kwenye kitabu chote: kalamu moja na mwandiko mmoja kwa mwezi mzima, "upepo kawaida" kila siku hadi siku ya mvua, mtu mmoja yuko bloku mbili saa ile ile, tarehe ya kuvuna kwenye kitabu haifanani na tarehe ya kreti kwenye daftari la kupokelea mazao. Kitabu kilichotungwa kina usafi wake, ukishaviona vichache unakitambua kabla hujafungua ukurasa wa tatu.

"Muda: asubuhi" nao haufai. Andika saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Zile saa 24 zinahesabiwa kuanzia alipomaliza.

kopo_tupu

Hiyo ya saa ya kumaliza ni kweli kabisa. Shamba moja nililofanyia kazi walimaliza kupulizia saa kumi na moja na nusu jioni, kitabuni wakaandika tarehe tu. Kesho yake saa moja asubuhi wachumaji wakaingizwa kwa sababu "ilipuliziwa jana". Hata saa kumi na nne hazijatimia na majani yana umande. Akina mama wakaanza kuwashwa mikono na macho. Ukiangalia kitabu, hakuna aliyekosea.

Bomba_Mgongoni

Mimi ni mpuliziaji, si msomi, lakini niseme la upande wetu. Niliwahi kuanguka shambani. Jasho jingi, mate yanajaa mdomoni, tumbo linasokota, nikawa naona kama kuna ukungu. Wenzangu wakanipeleka zahanati. Daktari akauliza, alikuwa anatumia dawa gani? Aliyenipeleka anajua "ile ya kopo jeupe yenye mstari wa njano". Kitabu kimefungiwa ofisini, msimamizi ameenda mjini na ufunguo. Nikaanza kutibiwa malaria mpaka alipokuja mwingine akanimulika machoni.

Kwa hiyo wakuu mkiongea habari ya mkaguzi kutoka nje, sisi tunaona kitabu kama mali ya ofisi. Hatujui hata kimeandikwa nini. Tunapewa tu tusaini.

Mzee_wa_Nozeli

Pole sana kaka. Ulivyoeleza ni sumu ya kundi la oganofosfati au karbamati, mboni ya jicho inasinyaa kama ncha ya sindano. Zile zina tiba yake, atropini, lakini tabibu lazima ajue anashughulika na nini. Ndiyo maana kwenye kitabu jina la biashara halitoshi. Kopo jeupe leo ni profenofosi, mwakani kampuni nyingine inaleta kopo jeupe la kitu tofauti kabisa. Andika kiambato chenyewe. Na kopo lenyewe au lebo yake vipelekwe hospitali pamoja na mgonjwa.

Jambo jingine, mstari wa njano ni daraja la pili la sumu kwa mpangilio wa Shirika la Afya Duniani. Nyekundu iko juu yake, bluu na kijani ziko chini. Watu wengi wanadhani njano maana yake "tahadhari kidogo". Dawa nyingi zinazolaza watu mashambani ni za njano.

Na ulisema kitabu ni cha ofisi. Siku ukidai Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi kwamba uliumia kazini, utathibitishaje kwamba siku ile ulikuwa umebeba dawa ile? Ukurasa wenye jina lako, saa na kiambato ndio shahidi wako. Usisaini ukurasa ambao hujasomewa.

Nakuru_Waridi

Hamjambo jirani zetu. Mimi niko Kenya, mashamba ya maua, Naivasha sasa ingawa jina ni la kwetu. Huku kabla mtu hajaanza kupulizia anapimwa damu kwanza, kimeng'enya cha kolinesterasi. Hiyo namba ya kwanza ndiyo yake ya kulinganishia. Akishaanza kazi anapimwa tena kila baada ya muda, na kwetu ikishuka chini ya asilimia 70 ya ile ya mwanzo anaondolewa kwenye dawa, anapewa kazi nyingine mpaka ipande. Supavaiza hana ruhusa ya kumrudisha mapema.

Kosa ninaloona mashamba mengi wanafanya ni kupima mtu ameshapulizia msimu mzima. Hapo huna cha kulinganisha, maana kila mtu ana kiwango chake.

Kuhusu leseni, hata kwetu PCPB, bodi yetu ya viuatilifu, inashughulika na wauzaji na wale wanaopulizia kwa biashara. Sisi wa shambani tunafundishwa na kupewa cheti. Kuna vijana wa vijijini waliofunzwa kupulizia kwa wakulima wadogo, wanazunguka na pampu zao na kulipwa kwa pampu.

Ugani_Kata

Hicho kipimo cha damu ndicho suluhisho. Kinaonyesha sumu yoyote iliyoingia mwilini, basi hata vitabu visingehitajika sana.

Nakuru_Waridi

Hapana ndugu, si yoyote. Kinaonyesha oganofosfati na karbamati tu. Mtu anaweza kupulizia pareto za viwandani au dawa za kuua ukungu mwaka mzima, kipimo kikatoka kizuri, na yeye kifua kinambana. Tena bila kitabu daktari hajui hata kama kipimo hicho kinamhusu.

Nimekumbuka pia jambo la maharage. Kuanzia 2013 Ulaya ilikuwa inapima asilimia 10 ya shehena za maharage na njegere kutoka Kenya kwa sababu ya masalia ya dawa, dimethoeti ikiwa mstari wa mbele. Gharama na ucheleweshaji vilimkuta kila mtu, hata aliyekuwa hajawahi kuigusa. Wakulima wadogo wengi waliachwa na wanunuzi kwa sababu hawakuwa na karatasi za kujitetea.

Msimamizi_Arumeru

Nimerudi. Nimemuuliza mpuliziaji wa tarehe 14, nitamwita B. Nilienda nikiwa na hasira nikijua kwamba kaiba. Amenipeleka mwenyewe stoo ya majembe, akanionyesha chupa ya soda yenye ml 40 na ushei. Anasema alimaliza bloku kwa pampu tatu, kilichobaki akakihifadhi kwa sababu mtunza stoo alikuwa ameondoka. Kwa hiyo kitabu kilikuwa sahihi kabisa. Chupa nimeiondoa, mtunza stoo nimemwambia kinachorudi kiandikwe kinachorudi.

Lakini sasa nina swali. Bloku zile zile nusu ekari, mwenzake, nimwite A, anamaliza kwa pampu tano, na wa tatu, nimwite C, naye anaandika tano. B anawezaje tatu?

Mzee_wa_Nozeli

Chupa ya soda! Haya, tushukuru hakuna mtoto aliyeingia kwenye hiyo stoo.

Swali lako ni zuri kuliko yote uliyouliza. Kesho asubuhi fanya hivi. Ndani ya maharage yenyewe, si uwanjani, pima mraba wa mita 10 kwa 10. Jaza pampu maji matupu mpaka alama. Mwambie mtu apulizie mraba huo kama anavyopulizia siku zote, usimsimamie kwa ukali maana atabadilisha mwendo. Halafu jaza tena mpaka alama ile ile kwa jagi la kupimia. Maji uliyoongeza ndiyo aliyotumia kwa mita za mraba 100. Nusu ekari ni kama mita za mraba 2,000, kwa hiyo zidisha mara 20. Fanya kwa kila mtu na pampu yake mwenyewe.

Ukimaliza, nozeli. Mwambie apige pampu kwa shinikizo la kawaida akinyunyizia ndani ya jagi kwa dakika moja. Linganisha na nozeli mpya ya aina ile ile. Ikizidi mpya kwa asilimia 10, itupe.

Msimamizi_Arumeru

Wakuu, nimefanya. Kidogo nikae chini.

A ametumia lita 5 kwa mraba. Mara 20 ni lita 100, pampu tano, ml 20 kila moja, jumla 100. Safi.

B ametumia lita 3. Anatembea mbio, hana utani. Lita 60, pampu tatu, ml 60. Yaani bloku zake zote zimekuwa zikipata asilimia 60 ya dawa.

C ametumia lita 7 na nusu. Nozeli yake ilitoa ml 1,150 kwa dakika, mpya ikatoa 800. Na yeye ndiye mwenye kitabu kizuri kuliko wote! Pampu tano, ml 100, stoo ml 100, kila kitu kinakubaliana. Nimeshindwa kuelewa, kwa mwendo wake nusu ekari ingehitaji pampu saba na nusu.

Mzee_wa_Nozeli

Muulize C dawa ilipoisha alikuwa amefika wapi.

Msimamizi_Arumeru

Mzee umejuaje. Anasema huwa inaishia "karibu na mwisho", na zile za mwisho anapitisha maji ya kusuuzia pampu. Na mimi kila wiki nalalamika kwamba upande wa mfereji wa Bloku F thiripi hawaishi, nikadhani dawa imeshazoeleka.

Mzee_wa_Nozeli

Lita 100 kwa mwendo wa lita 7.5 kila mraba zinafika mita za mraba 1,333 hivi, theluthi mbili ya bloku. Hapo kwenye theluthi mbili, kila mraba umepata ml 7.5 badala ya 5. Mara moja na nusu ya lebo. Theluthi iliyobaki imepata maji ya kusuuzia. Ukichukua sampuli ya maharage upande mmoja, masalia yanaweza kuzidi hata kama siku 7 zimetimia, kwa sababu zile siku 7 zimepangwa kwa kipimo cha lebo. Ukichukua upande wa pili hukuti kitu ila wadudu.

Na kwenye karatasi huyu ndiye mfanyakazi bora. Ukurasa uliokushtua ulikuwa wa B, aliyeandika ukweli. Kulinganisha kitabu na stoo kunamkamata mwizi na mtungaji, hakumkamati C. C anakamatwa na mraba wa mita 10 na jagi, basi. Ndiyo maana kwenye kitabu napenda pawe na ukurasa wa kupima pampu: tarehe, jina la mtu, namba ya pampu, lita kwa mraba, ml za nozeli kwa dakika. Mkaguzi akiuona huo ataacha kuhangaika na mihuri ya vyeti.

Ugani_Kata

Hapo kwa B nina jibu jepesi. Anatumia pampu tatu kwa ml 100, basi aweke ml 33 kila pampu. Hesabu imekaa.

Mzee_wa_Nozeli

Hesabu yako imekaa, shamba halijakaa. Kwanza soma lebo, nyingi zinataja kiasi cha maji cha chini kwa eneo. Pili, thiripi wanajificha ndani ya maua na chini ya majani, anayekimbia analowesha juu tu. Tatu, unamwongezea B makali ya mchanganyiko ulio mgongoni kwake, na pampu zinavuja, wote tunajua. Mfanye kwanza apunguze mwendo akaribie lita 5 kama A. Mwambie atembee nyuma ya A kwa mistari michache. Ikishindikana ndipo mzungumze habari ya kubadilisha kipimo, na aliyeelekeza aandike na kusaini mabadiliko hayo.

Ugani_Kata

Nimekuelewa mzee. Ila huku kwetu lebo zenye maji zimetajwa ni chache kuliko unavyodhani, nyingine zinasema tu "ml 20 kwa lita 20".

Mzee_wa_Nozeli

Hapo nakupa haki yako. Lebo za namna hiyo ndizo zinazomzaa B na C. Zinamwambia mtu ukali wa mchanganyiko, hazimwambii auweke kwenye eneo gani. Ukikuta kopo lina vyote viwili, kiasi kwa eneo na kiasi kwa pampu, fuata kwa eneo, na ile ya pampu uihesabu mwenyewe baada ya kupima.

Mkongomani_Yakima

Bandugu jambo. Mie nilitoka Kongo, sasa niko Amerika jimbo la Washington, kazi ya matofaa. Huku mtu anayeshika dawa lazima awe na miaka 18 na afundishwe kila mwaka, hata kama mwaka jana alifundishwa na anajua yote. Leseni kubwa anayo bosi, zile dawa kali zilizozuiwa hawezi kuzigusa mtu ila mwenye leseni ao anayefanya chini ya uangalizi wake.

Kitu nilipenda ni karatasi ya ukutani. Dawa ikipigwa, wanabandika pale tunapokusanyika: shamba gani, dawa gani, kiambato, saa ilianza na ilimaliza, saa ngapi mtu anaruhusiwa kuingia. Inapaswa ibandikwe ndani ya saa 24, na ikae siku 30 baada ya ule muda wa kuingia kwisha. Kisha wanaitunza miaka miwili. Mchumaji yeyote anasoma mwenyewe, haombi ufunguo. Kuna mashamba haifanyiki vizuri, siwezi kuwadanganya, lakini ukiwa na karatasi unajua la kuuliza.

Bomba_Mgongoni

Hii ya ukutani ndiyo nimeipenda mimi. Ila iandikwe Kiswahili kikubwa, na saa ziandikwe zetu. Niliona shamba lenye ubao umeandikwa "19:00", mama mmoja akanishika mkono akaniuliza hiyo ni saa ngapi.

Msimamizi_Arumeru

Nimechukua. Nimenunua ubao mweupe, umewekwa penye maji ya kunawia. Safu zake: bloku, dawa na kiambato, amepulizia nani, amemaliza saa ngapi, ruksa kuingia lini, ruksa kuchuma lini. Kitabu kinajazwa shambani na mpuliziaji mwenyewe pampu ya mwisho ikiisha, mimi nasaini jioni baada ya kulinganisha na stoo. Wawili hawaandiki vizuri, hao wanachora mstari kwa kila pampu wanayojaza, kama wanavyohesabu kreti. Mistari imenisaidia kuliko namba, maana mtu haichori kwa kukumbuka.

Nozeli za C na wengine wawili zimebadilishwa. Jana C amepimwa lita 5 na robo. B bado ana haraka yake, yuko lita 4.

Swali dogo: kurasa za zamani za C nifanyeje? Nizirekebishe kabla mkaguzi hajaja?

Mzee_wa_Nozeli

Usiguse hata herufi. Alichoandika ni alichofanya, pampu tano na ml 100. Kilichokosewa ni eneo, na hilo umeligundua kwa kupima. Weka ukurasa wa upimaji wenye tarehe, eleza nozeli zilibadilishwa lini na kwa nini, na mwambie mnunuzi mapema ili achukue sampuli ya bloku alizopulizia C kabla hamjavuna tena. Atanuna. Lakini shehena ikikamatwa huko na kurasa zako zina wino mpya, hutauza tena kwake.

kopo_tupu

Mzee hapo umemwambia ajichome mwenyewe. Wanunuzi ninaowajua mimi wakisikia neno "kuzidi kipimo" wanavunja mkataba siku hiyo hiyo. Mimi ningebadilisha nozeli, nikaanza ukurasa mpya, nikanyamaza.

Mzee_wa_Nozeli

Na maharage yaliyoko kwenye chumba baridi sasa hivi utayanyamazishaje?

Msimamizi_Arumeru

Nimeongea na mwenye shamba. Kasema tuchukue sampuli wenyewe kwanza, bloku F pande zote mbili, majibu yakija ndipo tumpigie mnunuzi. Bloku F haivunwi mpaka hapo. Si kama alivyoshauri mzee, lakini ndipo tulipofika.

Ugani_Kata

Nami niulize langu kabla uzi haujalala. Kwenye kata yangu wakulima wananiomba nikawapulizie nyanya, wananipa elfu chache ya maji na nauli. Pampu ni ya ofisi, dawa ni yao. Kwa maelezo ya mzee hapo juu, mimi ni mfanyabiashara wa kupulizia ninayehitaji kibali, au ni afisa ninayeonyesha kwa vitendo?

Mzee_wa_Nozeli

Ukionyesha mstari mmoja ukamwachia pampu, ni darasa. Ukimaliza ekari ukapokea hela, mimi ningekuita mfanyabiashara, tena mwenye pampu ya serikali.

Nakuru_Waridi

Huku kwetu wale vijana wanaolipwa kwa pampu wangekuita mshindani. Lakini ni kweli wakulima wengine wazee hawawezi kubeba lita 20 mgongoni, nani awapulizie?

Ugani_Kata

Ndilo linalonisumbua. Mmoja ni bibi wa miaka sabini na ushei, nikimwachia pampu nimwachie nani? Nimeandikia ofisi ya kanda ya TPHPA nikaeleza jinsi ninavyofanya, wakijibu nitabandika hapa. Kwa sasa nimeanza kumwandikia kila mmoja karatasi: dawa, kiambato, pampu ngapi, nimemaliza saa ngapi, asichume mpaka lini. Na jana nimepima mraba wangu mwenyewe. Lita 6 na nusu.

Mzee_wa_Nozeli

Nozeli ya lini hiyo?

Ugani_Kata

Ilikuja na pampu.